Mita Mbili na Robo za Tajiri

Wifi yangu ana mdomo. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani namsimulia malaika. Ni mke wa kaka yangu, na mawifi tunatarajiwa kutazamana kwa jicho la pembeni. Sisi hilo tulilimaliza mwanzoni kabisa, tukagombana mpaka tukachoka, tukabaki kushona pamoja. Yeye ndiye fundi. Mimi nakaa kwenye kigoda pembeni yake, napiga mapindo na vifungo kwa mkono, na kazi yangu nyingine ni kumkanyaga mguu pale mdomo wake unapoanza kutuharibia siku. Nimemkanyaga sana, na haijawahi kusaidia.

Tulikuwa tunashonea kwenye baraza la duka la vitambaa. Baraza lilikuwa pana, limeezekwa bati, na vyerehani vitano vimepangwa mstari mmoja kuanzia mlangoni. Cha kwanza kilikuwa cha Mzee wa Makoti, fundi mkongwe aliyekuwepo hapo kabla duka halijapakwa rangi yake ya kijani. Cha kwetu kilikuwa cha mwisho, karibu na mfereji. Mwenye duka tulimwita Tajiri, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Hakututoza kodi hata siku moja. Alitupa kivuli, na nyuma ya kivuli hicho kulikuwa na sharti ambalo halikuandikwa popote ila kila fundi alilijua.

Sharti lenyewe ni hili. Mteja akiingia dukani hajui anataka kitambaa kiasi gani. Anatoka nje, anamuuliza fundi. Na fundi wa baraza anajibu bila kuinua kichwa: suruali mita mbili na robo, sketi mita mbili, gauni mita tatu na nusu. Kitambaa kiwe chembamba au kipana, kizito au chepesi, jibu ni lile lile. Wakongwe wanasema hesabu hizo zilikuwa za haki zamani, wakati majora mengi yalikuwa membamba. Majora yakapanuka, hesabu zikabaki pale pale, kwa sababu zilimfaa Tajiri. Zilimfaa fundi pia, au ndivyo tulivyojidanganya: vipande vinavyobaki vilikuwa mali ya fundi, na kila fundi alikuwa na gunia lake chini ya meza.

Wifi naye alisema mita mbili na robo kama wengine, kwa muda mrefu tu. Kilichomgeuza si huruma, msije mkampamba. Alikuja mama mmoja muuza uji, kanunua kitambaa cha suruali mbili za mumewe kama alivyoelekezwa, akaja kwetu na mfuko, akauliza bei ya kushona. Alipoambiwa, akafungua leso yake, akaangalia ndani, akaifunga. Pesa ilikuwa imeishia dukani. Akaomba tumshonee kwa nusu bei. Wifi akashona kwa nusu bei, na siku hiyo kitambaa kilichobaki kilitosha suruali ya tatu nzima.

Alikitandaza mezani, akakipima. Kisha akaniambia, "Wifi, hii hapa ndiyo hela yangu ya mshono. Imeingia kwa Tajiri, mimi nikapewa gunia."

Tangu siku hiyo gunia lilimtia hasira kila alipoligusa kwa mguu.

Akaanza kuuliza upana. Mteja akitokeza na swali lake, yeye alimrudisha ndani akaulize jora lina upana gani, ndipo aje waongee. Maelezo yake yalikuwa mepesi, na ameyarudia mara nyingi mpaka hata mimi nayasema usingizini. Suruali ni mapande manne makubwa: mawili ya mbele, mawili ya nyuma. Kwenye kitambaa cha sentimita mia na hamsini, mapande manne ya mwanaume wa kawaida yanalala sambamba, moja kando ya lingine, kwa hiyo unahitaji urefu mmoja tu wa suruali na ziada kidogo: mita moja na robo. Kwenye kitambaa cha mia na kumi na tano yanalala matatu, na la nne linabaki halina pa kulala, basi unalazimika kununua urefu wa pili kwa ajili ya pande moja. Hapo ndipo mita mbili na robo inapokuwa kweli. Ila ukiwa na suruali nyingi za kukata kwa pamoja, yale mapande ya nne hukusanyika yakalala pamoja matatu matatu, na urefu wa suruali nne ukatoa suruali tatu kamili.

Wala hakuwa mtu wa kuimba kwamba kipana ndicho nafuu siku zote. Mpishi mmoja alitaka aproni zenye upana wa sentimita themanini na urefu wa mita moja. Duka lilikuwa na kitambaa cha upana wa tisini kwa shilingi mia mbili na hamsini kwa mita, na cha upana wa mia na hamsini kwa shilingi mia tatu na tisini. Wifi akamwambia achukue chembamba, maana kile kipana kingetoa aproni moja vile vile, na pembeni angebaki na utepe mpana wa kufutia meza. Hata ukiilaza aproni kwa ubavu, bado chembamba kinashinda. Bei ya mita, alisema, haimaanishi kitu mpaka uwe umekilaza kile unachotaka kukata.

Tajiri mwanzoni alicheka. Alikuwa mtu wa maneno matamu, akimsifu Wifi mbele ya wateja huku moyoni anamhesabia. Kisha akapata sababu ya kucheka vizuri zaidi.

Lilikuja dukani jora la kaki ya bei rahisi: pana, gumu mkononi, zito ukilishika, linatoa sauti ukilikunja. Mia tatu na thelathini kwa mita. Wifi akalipenda, akamkatia mlinzi mmoja suruali ya mita moja na robo kwa hesabu yake ileile, na mlinzi akaondoka anachekelea. Suruali ikafuliwa. Mlinzi akarudi nayo mkononi, siyo mwilini, kwa sababu ilikuwa imempanda juu ya vifundo vya miguu na kuwa laini kama kitambaa cha deki. Ugumu wote ule ulikuwa wanga. Nyuzi zake zilifumwa kwa nafasi nafasi, kiwandani wakazijaza wanga zikakaa kama askari, na maji yalipoingia wanga ukatoka na nyuzi zikajikusanya.

Tajiri aliitangaza habari hiyo kwa furaha isiyo na kifani. Alisimama mlangoni na fimbo yake ya mita mkononi, akamuuliza Wifi mbele ya watu kama upana nao umepungua majini. Wifi akamlipa mlinzi kitambaa kipya kutoka mfukoni mwake, akamshonea bure, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakufungua kinywa. Mimi niliogopa kuliko siku anazosema.

Kesho yake alikuja na kopo la maji. Tangu hapo hakumwamini mtu wala jora. Aliomba kipande kidogo cha kila kitambaa kipya, akakikata mraba wa sentimita kumi kwa kumi, akakipeleka kwa sonara aliye ng'ambo ya barabara, ambaye mizani yake inapima hadi hereni. Mraba huo ukizidisha uzito wake mara mia unapata uzito wa mita mraba nzima. Halafu alikichovya, akakisugua, akakikausha, akakipima tena. Na kipande kingine kirefu alikichora alama mbili zenye umbali wa nusu mita, akakifua, akaangalia alama zimesogeleana kiasi gani. Ile kaki ya wanga ilikuwa gramu mbili na nukta sita kabla ya maji, na mbili na nukta moja baada yake. Nusu mita yake ilirudi sentimita arobaini na sita. Sonara alimwonea haya kumdai hela ya kupimia, akawa anamtania kuwa ndiye mteja pekee anayemletea dhahabu ya kaki.

Hapo Tajiri akaacha kucheka. Kuuliza upana kulimpunguzia mauzo; kufua sampuli kulimfanya aonekane mwongo. Jioni moja, mafundi wengine wakifunika vyerehani, alimwita Wifi ndani na mimi nikajifanya natafuta uzi ili nisikie. Hakufoka. Alimwambia kila mita itakayozidi kwa mdomo wake atamkatia fungu lake, mwisho wa wiki, kimya kimya. Na akamwambia baraza ni lake, bati ni lake, na mtu anayekaa chini ya bati la mwenzake anatakiwa kuongea kama wenzake. Wifi alijibu kuwa amesikia. Nilipomuuliza njiani ana maana gani, akasema maana yake ni kwamba masikio yake ni mazima.

Nyumbani, kaka yangu alikuwa na maoni. Kaka ni dereva wa lori, akiwepo anakuwa na maoni na akisafiri anayaacha. Alisema huwezi kumkalia kooni mtu anayekupa kivuli bure, kwamba mjini pa kuweka cherehani ni pa kutafuta kwa tochi, na kwamba watoto hawali upana. Kwa mara ya kwanza nilimuunga mkono. Wifi akaendelea kuchambua mboga. Akasema, "Mnataka nikae kimya. Semeni tu hivyo, msizunguke." Tukasema hivyo. Akasema hawezi, akatuuliza nani anataka pilipili.

Basi akaja mwenye gereji.

Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, kucha zimeshika grisi isiyotoka tena. Alitaka suruali thelathini za kazi kwa mafundi wake, rangi ya kaki, zote kwa mpigo, na vipimo vya kila mmoja alikuwa amevileta kwenye karatasi. Kazi kama hiyo huja kwa nadra mno, na kila cherehani barazani kilinyamaza. Alikuwa amesikia habari za Wifi kwa yule mlinzi, na alisema wazi kuwa anataka ashonewe na yule mama aliyelipa kosa lake. Tajiri akafurahi, maana kazi itafanyika kwake. Akamkaribisha ndani, akatuita mimi na Wifi tuingie, akaagiza kiti.

Mezani aliweka kaki ya upana wa mia na kumi na tano, mia tatu kwa mita, iliyofumwa uzi mmoja juu mmoja chini. Akasema kwa sauti ya kirafiki kwamba hiyo ndiyo ya bei ya chini kabisa dukani, na kwamba suruali ni mita mbili na robo, thelathini ni mita sitini na saba na nusu. "Fundi wangu huyu hapa ni shahidi," akasema, akamtazama Wifi.

Nikamkanyaga mguu. Sikumkanyaga kwa mzaha. Nilikandamiza kwa kisigino chote. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa tu. Thelathini zingekuwa zetu, kivuli kingekuwa chetu, na kwa kila mita ya ziada Tajiri angetukatia fungu letu.

Wifi aliutoa mguu wake polepole chini ya wangu.

Akamuuliza mwenye gereji mafundi wake wanafanya kazi wakiwa wamesimama au wamepiga magoti. Wamepiga magoti, akajibu, na wakati mwingine wamelala chini ya gari. Wifi akaenda rafuni mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akashusha majora mengine mawili: ile kaki ya wanga, na kaki ya mshazari, ambayo ukiikaribia unaona mistari yake ya nyuzi inapanda kwa ubavu, imebanwa. Hiyo ilikuwa pana, mia na hamsini, na bei yake ilikuwa mia tatu na tisini. Mwenye gereji alipoisikia bei hiyo alirudisha mkono wake.

"Usikimbie bei ya mita," Wifi akamwambia. "Mita siyo suruali. Hii nyembamba, kwa hesabu ya Tajiri, kila suruali inakula mia sita na sabini na tano. Nikikukatia zote kwa pamoja nikazibananisha vizuri, inashuka mpaka mia tano. Hii ya mshazari inaingia mita moja na robo, mia nne na themanini na saba na nusu. Sasa shika zote mbili uniambie ipi ingekaa gotini."

Mwenye gereji alizishika. Hakuhitaji kuambiwa. Nyembamba ilikuwa gramu mia na sitini kwa mita mraba, ya mshazari mia mbili na hamsini, na ile michirizi ya ubavu ndiyo inayoifanya ivumilie kusuguliwa sakafuni, kwa kuwa nyuzi zake zimesongamana zaidi kuliko zile za moja juu moja chini. Lakini alikuwa mfanyabiashara, macho yake yakaenda kwenye jora la tatu. Lilikuwa pana kama la mshazari, mkononi lilikuwa zito kulishinda, na bei yake ilikuwa nafuu. Akauliza kwa nini asichukue hilo.

Tajiri akaona mwanya. Akasema kwa upole kwamba hilo nalo ni zuri, na kwamba yeye anauza kitambaa, jamani, hauzi hesabu. Kitambaa kikipungua mtu harudi kulia kwa fundi, anarudi kulia hapa. Akamkumbusha Wifi suruali ya mlinzi. Aliisimulia vizuri, mpaka ilivyopanda vifundo, na mwenye gereji akamtazama Wifi kwa namna mpya.

Nilitamani sakafu ipasuke. Wifi hakutamani kitu. Akasema ni kweli kabisa, alikosea, na alikosea kwa jora hilihili. Akatoa kwenye mkoba vipande vyake vilivyofuliwa, akavilaza juu ya kaunta kimoja kimoja juu ya jora lake. Cha wanga kilikuwa laini, chepesi, ukikiinua mbele ya dirisha unaona mwanga wa upande wa pili. Cha mshazari kilikuwa kimepungua sentimita moja kwenye nusu mita na kubaki vile vile mkononi.

"Ndiyo maana nafua kwanza," akasema. "Yeye anakumbuka kosa langu, mimi nimelifua. Chukua ya mshazari, mita thelathini na saba na nusu, na ongeza moja na nusu kwa ajili ya vijana wako watatu wanene kama wewe, maana mapande yao manne hayalali sambamba. Mita thelathini na tisa. Ikipungua, nitanunua inayopelea kwa hela yangu."

Mwenye gereji akalipia mita thelathini na tisa. Tajiri alizipima mwenyewe kwa fimbo yake, hakumpa hata kidole cha ziada, na alipomaliza kukata alimwambia Wifi asishike tena kitu chochote rafuni mwake. Kisha akasema, mbele ya mafundi wote waliokuwa wamejazana mlangoni, kwamba mbele ya duka lake hapatakuwa na cherehani cha Wifi tena.

Wifi akatoka, akakunja meza. Mzee wa Makoti alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akilikosa tundu, akiutia tena. Nilibeba kigoda changu na kichwa cha cherehani huku nikitukana njia nzima, nikimtukana Wifi, nikimtukana Tajiri, nikiwatukana hata wale thelathini na magoti yao. Wifi alibeba miguu ya chuma na akaniacha nimalize.

Sonara ndiye aliyetupokea, kwenye kijinafasi mbele ya dirisha lake la nondo. Kilitosha cherehani kimoja na kigoda, na mchana jua liliingia moja kwa moja. Pa kukatia hapakuwepo. Kwa hiyo mita thelathini na tisa tulizibeba nyumbani.

Kwanza tuliziloweka zote. Mabeseni yalijaa ua mzima, kaki ikaning'inia kwenye kamba kutoka kwetu hadi kwa jirani, na majirani wakauliza kama tumefungua hospitali. Zikakauka, zikarudi mita thelathini na nane na kitu, kama alivyosema. Tukatoa makochi sebuleni, tukafagia sakafu, tukatandaza. Kaka yangu alirudi safari akakuta hana pa kuweka mguu, akala amesimama jikoni, na maoni yake yakaishia hapo.

Hapa sasa ndipo roho ilipokuwa juu. Ikipungua, Tajiri amepata ushahidi wake wa pili, na hakuna mteja atakayemsikiliza tena mwanamke anayeuliza upana. Tena kununua inayopelea maana yake ni kurudi mlangoni kwake na kumwomba apime. Nilijua, kwa sababu mfanyakazi wa duka alitunong'oneza, kuwa Tajiri ameliweka jora la mshazari pembeni ya kaunta na kuwaambia watu anatusubiri.

Wifi alilala kifudifudi juu ya kaki na chaki, akageuza pande hili kichwa chini, lile juu, pana la nyuma likikaa kando ya jembamba la mguu. Mikanda ya kiunoni aliichomeka kwenye mapengo. Mifuko ya ndani tuliikata kwenye kitambaa chepesi tulichokuwa nacho. Tulikuwa tumefika karibu na mwisho, tumebakiza suruali za wale wanene, nilipoona katikati ya kaki mstari uliochanika, nyuzi zimekatika zenyewe kiwandani, karibu nusu mita nzima haifai.

Nikakaa chini. Nikamwambia Wifi tumekwisha. Akauangalia ule mstari kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Akasema hatujaisha, akaukata ule ubovu wote, akautupa kando, akapima kilichobaki kwa futi, akapima tena. Akalaza pande la kwanza la mnene. Akalaza la pili. Akahamisha mkanda. Alipolaza la mwisho, mbele ya goti lake kilibaki kipande cha upana wa kiganja na vidole.

Akacheka mpaka akalia, na mimi nikalia tu.

Suruali zilishonwa mbele ya dirisha la sonara, jua likitupiga, wapita njia wakisimama kuuliza. Mwenye gereji alizichukua na kuzihesabu. Jora la mshazari likarudishwa rafuni, hatukuona nani alilirudisha. Na wateja wakaanza kufanya kitu ambacho hatukukipanga: wanakuja kwetu kwanza mikono mitupu, wanauliza waulize nini, ndipo wanavuka barabara kwenda kununua. Walinunua kwa Tajiri yule yule. Walinunua tu kile kinachotosha, na kilichobaki mfukoni walirudi nacho kwetu kwa ajili ya mshono.

Tajiri akavuka barabara mwenyewe. Alisimama kwenye jua, akijipepea kwa risiti, akasema yaliyopita yamepita, mahali pa Wifi papo palepale na hajamweka mtu. Alitaka jambo moja dogo tu. Upana aulize, lakini aulize baada ya mteja kukatiwa kitambaa.

Wifi hakusimamisha gurudumu. "Kivuli chako ni ghali, Tajiri," akamwambia. "Nimekipima. Mwambie mteja upana na uzito kabla hujamtajia bei, kwa mdomo wako, na mimi nitarudi leo. Hutaki, niache na jua langu."

Hakutaka. Alirudi kwake bila kuaga, na mimi nikamwambia Wifi kuwa amepoteza baraza mara mbili, jambo ambalo si kila mtu analiweza.

Asubuhi iliyofuata tulimwona Mzee wa Makoti anavuka barabara. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani chake begani, anatembea taratibu, anapumzika, anatembea tena, na Tajiri amesimama mlangoni na fimbo yake ya mita anamwita kwa jina la heshima. Mzee hakugeuka. Alipofika kwetu alikuwa anahema, akakitua kichwa kile juu ya kigoda changu bila kuniomba.

"Miaka yote nimesema mita mbili na robo," akasema. "Wanamaliza hela kwa kitambaa, halafu mimi ndiye wa kuombwa nishone bure. Nimechoka, binti yangu. Nisogezeeni nafasi."

Nafasi yenyewe haikuwepo. Sonara alichungulia kati ya nondo, akaona, akarudi ndani. Wifi aliinuka, akaisukuma meza yake hadi nje kabisa ya kivuli kidogo cha dirisha, akampa mzee upande wa ukutani, na yeye akaketi juani akaendelea kushona.